Wastani na Variansi ya Jumla ya Madai ya Bima: Hesabu Kamili ya Kundi la Magari 400

Chukua kundi la magari 400 ya watu binafsi jijini Dar es Salaam, yote yakiwa na kile ambacho wateja wenyewe hukiita bima kubwa, yaani ile inayolipa hata gari la mwenye bima likigongwa, likiibwa au likiungua, tofauti na bima ndogo inayolipa tu hasara aliyopata mtu mwingine. Takwimu za kundi hili nimezitunga mwenyewe ili kila hatua iweze kufuatwa kwa kalamu na karatasi, lakini umbo lake ni lile ambalo mtu yeyote aliyekaa na daftari la madai ya magari atalitambua: madai mengi madogo, na machache makubwa.

Swali tunalotaka kulijibu lina sehemu mbili. Kwanza, kwa wastani kampuni italipa kiasi gani kwa mwaka mzima? Pili, kiasi halisi kinaweza kwenda mbali kiasi gani na wastani huo? Jibu la kwanza ndilo linalosaidia kupanga ada ya bima, na la pili ndilo linalosema ni akiba kiasi gani iwekwe kando. Ugumu ni kwamba mambo mawili hayajulikani kwa wakati mmoja: hatujui madai yatakuwa mangapi, wala hatujui kila dai litakuwa la shilingi ngapi. Njia ya kuyashughulikia yote mawili pamoja ilianza kujengwa na Msweden Filip Lundberg katika tasnifu yake ya mwaka 1903 huko Uppsala, na msingi wake haujabadilika hadi leo.

Hatua ya kwanza: mkondo wa madai

Tuseme kundi letu huleta madai 5 kwa mwezi kwa wastani, yaani 60 kwa mwaka. Tunapoyaita madai haya mkondo wa Poisson, tunakubali mambo matatu ambayo ni vizuri yasemwe waziwazi. Madai huja moja moja, si kwa mafungu. Idadi ya madai ya wiki hii haibadilishi uwezekano wa madai ya wiki ijayo. Na kasi ya kuja kwake, iwe ileile mwaka mzima au iwe inapanda na kushuka kwa majira, inajulikana. Nitarudi kwenye sharti la kwanza na la tatu baadaye, kwa sababu hapo ndipo hesabu nyingi huharibikia.

Mkondo wa aina hii una sifa moja tutakayoitegemea hadi mwisho: variansi ya idadi ya madai ni sawa na wastani wake. Variansi ni wastani wa mraba wa umbali kati ya thamani inayotokea na wastani. Kwa hiyo, ikiwa madai ya mwaka ni 60 kwa wastani, variansi ya idadi hiyo nayo ni 60, na kipeuo chake cha pili, ambacho huitwa mkengeuko sanifu, ni karibu 7.7. Mwaka wenye madai 52 au 68 ni mwaka wa kawaida kabisa, na hakuna haja ya kumtafuta mchawi.

Hatua ya pili: ukubwa wa dai moja

Sasa tufungue daftari na tuangalie dai moja moja. Ili hesabu iwe nyepesi, nimeyapanga madai katika ngazi nne, kwa shilingi milioni:

| Hasara | Kiasi cha dai | Uwezekano |
|---|---|---|
| Bampa, taa, michubuko | 0.5 | 0.50 |
| Kunyoosha bodi na kupiga rangi | 2 | 0.30 |
| Injini au chasisi kuguswa | 6 | 0.15 |
| Gari kuibwa au kutotengenezeka tena | 25 | 0.05 |

Wastani wa dai moja ni 0.25 + 0.6 + 0.9 + 1.25, yaani milioni 3. Angalia kwamba hakuna dai hata moja la milioni 3 katika jedwali hili. Wastani ni mahali pa kusawazishia mizani tu, na si lazima kuwe na kitu mahali hapo.

Kiasi cha pili tunachokihitaji, ambacho watu wengi hukisahau, ni wastani wa mraba wa dai. Kila kiasi kinapigwa mraba kwanza, kisha kinazidishwa kwa uwezekano wake: 0.125 + 1.2 + 5.4 + 31.25, jumla 37.975. Usichanganye namba hii na mraba wa wastani, ambao ni 9 tu. Tofauti ya namba hizi mbili, 28.975, ndiyo variansi ya dai moja, na baada ya muda mfupi itaonekana kwa nini variansi hiyo peke yake haitoshi.

Hatua ya tatu: kuugawa mkondo

Vitabu vingi huleta kanuni ya variansi kwa njia ya masharti: kwanza shikilia idadi ya madai, kisha iache itembee. Njia hiyo ni sahihi, lakini naona kuna njia nyingine inayomwonyesha msomaji sababu yenyewe, si jibu tu.

Mkondo wa Poisson ukigawanywa kwa kura, kila tawi linalotoka nalo ni mkondo wa Poisson, na matawi hayategemeani. Kila dai linapofika, fikiria linaelekezwa katika mojawapo ya milango minne kufuatana na uwezekano wa jedwali. Madai 60 ya mwaka yanagawanyika kwa wastani kuwa 30 ya milioni 0.5, 18 ya milioni 2, 9 ya milioni 6 na 3 ya milioni 25. Sasa hatuna tena mkondo mmoja wenye madai ya ukubwa usiojulikana. Tuna mikondo minne, na katika kila mmoja ukubwa wa dai unajulikana kamili.

Mkondo mmoja wa namna hii ni rahisi sana. Katika mlango wa milioni 25, jumla ya malipo ni 25 mara idadi ya madai. Wastani wake ni 25 × 3 = 75. Kwa kuwa variansi ya kitu kilichozidishwa kwa namba huongezeka kwa mraba wa namba hiyo, variansi yake ni 25 × 25 × 3 = 1,875. Tukifanya hivyo kwa milango yote, tunapata:

| Kiasi | Madai kwa mwaka | Wastani wa malipo | Variansi ya malipo |
|---|---|---|---|
| 0.5 | 30 | 15 | 7.5 |
| 2 | 18 | 36 | 72 |
| 6 | 9 | 54 | 324 |
| 25 | 3 | 75 | 1,875 |
| Jumla | 60 | 180 | 2,278.5 |

Variansi za vitu visivyotegemeana hujumlishwa moja kwa moja, na ndiyo maana safu ya mwisho imejumlishwa bila nyongeza yoyote. Kampuni inatarajia kulipa milioni 180 kwa mwaka, sawa na shilingi 450,000 kwa kila gari, na mkengeuko sanifu wa jumla hiyo ni kipeuo cha pili cha 2,278.5, yaani milioni 47.7.

Ukiyatazama mazidisho hayo kwa makini utaona kwamba kila mlango umechangia idadi yake mara mraba wa kiasi chake. Kanuni ya jumla inajitokeza yenyewe, na inafanya kazi hata kama ukubwa wa madai hauna ngazi nne bali thamani zisizohesabika. Tukiita `S` jumla ya madai, `X` dai moja na `λ` wastani wa idadi ya madai kwa muda unaohusika:

```
E[S]   = λ · E[X]
Var(S) = λ · E[X²]
```

Kwa kundi letu: 60 × 3 = 180, na 60 × 37.975 = 2,278.5.

Kosa la kutumia variansi ya dai mahali pa mraba wake

Anayeikuta kanuni hii kwa mara ya kwanza hudhani kuna makosa ya uchapaji katika mstari wa pili, kwa sababu inaonekana kama ingepaswa kuwa `λ` mara variansi ya `X`. Akifuata dhana hiyo atapata 60 × 28.975 = 1,738.5, na mkengeuko sanifu wa milioni 41.7. Hilo lingekuwa jibu sahihi kama madai yangekuwa 60 kamili kila mwaka, bila kupungua wala kuzidi. Kilichoachwa nje ni kutokujulikana kwa idadi yenyewe: idadi ina variansi ya 60, na kila dai linalozidi au kupungua linabeba milioni 3 kwa wastani, hivyo mchango wake ni 60 × 9 = 540. Jumlisha 1,738.5 na 540 utaipata 2,278.5 ileile. Huu pia ni ukaguzi mzuri wa hesabu: ukiifanya kwa njia zote mbili na majibu yakatofautiana, rudi kwenye safu ya miraba.

Kosa la upande wa pili ni la mtu anayechukua wastani wa dai kana kwamba kila dai ni la milioni 3. Huyo atapata 540 peke yake, na mkengeuko sanifu wa milioni 23.2, chini ya nusu ya ule wa kweli. Kosa hili ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi katika majedwali ya Excel, kwa sababu aliyetengeneza jedwali aliandika "idadi mara wastani wa dai" kwa ajili ya bajeti, kisha akalitumia jedwali lilelile kwa kazi ambayo halikukusudiwa.

Asiyeamini hesabu ya kalamu anaweza kuutengeneza mwaka mmoja mara 100,000 katika kompyuta:

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(1)
kiasi = np.array([0.5, 2, 6, 25])
kasi = np.array([30, 18, 9, 3])
idadi = rng.poisson(kasi, size=(100000, 4))
jumla = idadi @ kiasi
print(jumla.mean(), jumla.var())
print(np.percentile(jumla, 99))
```

Mstari wa kwanza wa majibu utakuwa karibu sana na 180 na 2,278.5. Mstari wa pili unaonyesha kiasi ambacho hupitwa na mwaka mmoja tu katika 100, na hapo kuna jambo la kutahadhari. Anayetumia mchoro wa kengele, akachukua wastani na kuongeza mikengeuko sanifu 2.33, atapata milioni 291. Kompyuta itatoa kiasi kinachopita 300. Jumla ya madai haiko sawa pande zote mbili, bali ina mkia mrefu upande wa hasara. Wastani na variansi ni sahihi bila shaka yoyote, lakini havitoshi kuueleza mkia huo.

Kusoma jibu: nani anaibeba variansi?

Rudi kwenye jedwali la milango minne. Magari yaliyoibwa au kuharibika kabisa ni matatu tu kati ya madai 60. Yanachukua milioni 75 kati ya 180 za wastani, ambazo ni asilimia 42. Lakini katika variansi yanachukua 1,875 kati ya 2,278.5, yaani asilimia 82. Madai 30 ya bampa na taa, ambayo ndiyo yanayomfanya karani wa madai ashinde kwenye simu na mafundi tangu asubuhi, yanachangia 7.5, ambayo ni chini ya nusu ya asilimia moja.

Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja katika maamuzi, na mfano mzuri ni kulinganisha njia mbili za kupunguza malipo. Njia ya kwanza ni kumwachia mwenye bima abebe milioni 0.5 za mwanzo za kila dai. Madai ya mlango wa kwanza yanatoweka kabisa, na mengine yanapungua kuwa 1.5, 5.5 na 24.5. Kwa kasi za 18, 9 na 3, wastani mpya ni 27 + 49.5 + 73.5 = 150, na variansi ni 40.5 + 272.25 + 1,800.75 = 2,113.5. Mkengeuko sanifu unashuka kutoka milioni 47.7 hadi 46.0 tu. Malipo yamepungua kwa sehemu moja ya sita na kazi ya ofisi imepungua kwa nusu, lakini mashaka yamebaki karibu palepale.

Njia ya pili ni bima mtawanyo, ambapo kampuni nayo inakata bima kwa kampuni nyingine. Tuseme kampuni yetu inabeba hadi milioni 10 kwa kila dai, na kinachozidi kinalipwa na kampuni ya bima mtawanyo. Dai la milioni 25 kwetu linakuwa la 10. Wastani unakuwa 15 + 36 + 54 + 30 = 135, na variansi 7.5 + 72 + 324 + 300 = 703.5, yenye mkengeuko sanifu wa milioni 26.5. Wastani umeshuka kwa robo, na mashaka yameshuka kwa asilimia 44. Bila shaka kampuni ya bima mtawanyo haifanyi hivyo bure; kwa wastani itatulipa 15 × 3 = milioni 45 kwa mwaka, nayo itadai ada inayozidi hapo. Lakini sasa menejimenti ina namba mbili za kuweka mezani, bei na kinachonunuliwa kwa bei hiyo. Kwa maoni yangu, anayejadili bima mtawanyo kwa kutazama wastani peke yake hajaanza kuijadili.

Hatua ya nne: kutoka kwenye daftari halisi

Katika daftari halisi hakuna ngazi nne wala uwezekano uliokwisha kuandikwa. Kuna safu ya kiasi kilicholipwa, dai kwa dai. Hapa kanuni yetu ina zawadi ambayo si wengi wanaoifahamu: huhitaji kukadiria `λ` na `E[X²]` kila kimoja peke yake. Piga mraba kila dai la mwaka, kisha ujumlishe. Jumla hiyo ya miraba ndiyo makadirio ya variansi ya jumla ya madai kwa mwaka, kwa sababu kwa wastani ni idadi ya madai mara wastani wa mraba. Katika Excel, kama madai 60 yako katika safu ya B:

```
=SUM(B2:B61)
=SUMSQ(B2:B61)
=SQRT(SUMSQ(B2:B61))
```

Mstari wa kwanza unakadiria wastani, wa pili variansi, na wa tatu mkengeuko sanifu. Ukiwa na madai ya miaka mitatu, gawanya majibu ya mstari wa kwanza na wa pili kwa 3 kabla ya kutafuta kipeuo. Hakikisha pia kwamba safu nzima iko katika kipimo kimoja. Dai moja lililoandikwa 2,000,000 katikati ya madai yaliyoandikwa kwa milioni litaifanya variansi kuwa namba isiyosomeka, na hilo angalau litaonekana. Kosa baya zaidi ni dai la 25 lililoandikwa 2.5, ambalo halitamshtua mtu.

Udhaifu wa njia hii unatokana na kile tulichokwisha kukiona. Asilimia 82 ya variansi inabebwa na madai matatu kwa mwaka, na madai matatu kwa wastani yanaweza kuwa sita au yasiwepo kabisa. Uwezekano wa mwaka mzima kupita bila gari kuibwa wala kuharibika kabisa ni `e^(-3)`, karibu asilimia 5. Mwaka kama huo, milango mingine ikienda kama kawaida, daftari litatoa variansi ya 403.5 na mkengeuko sanifu wa milioni 20.1, na atakayeisoma ripoti hiyo atadhani kundi limetulia, kumbe bahati tu. Ukitumia daftari la miezi mitatu hali ni mbaya zaidi: uwezekano wa kutoona hata dai moja kubwa ni `e^(-0.75)`, asilimia 47.

Ndiyo maana ngazi ya juu haifai kukadiriwa kutokana na daftari peke yake. Kasi ya madai makubwa itafutwe kwa miaka mingi iwezekanavyo, au kwa makundi yanayofanana, na ukubwa wake utokane na thamani za magari zilizoandikwa kwenye mikataba, ambazo kampuni inazo tayari. Kwa magari kuna nafuu, kwa sababu dai la gari lenyewe haliwezi kupita thamani ya gari. Katika aina za bima zisizo na dari, mkia wa ukubwa wa madai unaweza kuwa mzito kiasi kwamba wastani wa mraba hauna kikomo. Dalili yake ni jumla ya miraba inayoendelea kurukaruka kila dai kubwa jipya linapoingia, hata baada ya miaka mingi. Hapo variansi haipo, na kuikadiria ni kujidanganya.

Hatua ya tano: kuikagua kasi

Kwa kuwa katika mkondo wa Poisson variansi ya idadi ni sawa na wastani wake, ukaguzi wa kwanza ni kugawanya moja kwa nyingine. Tuseme madai ya Januari hadi Desemba yalikuwa 2, 3, 7, 14, 11, 4, 2, 3, 2, 4, 5 na 3. Jumla ni 60 na wastani ni 5 kwa mwezi. Miraba ya umbali kutoka 5 inajumlishwa kuwa 162, na ukigawanya kwa 11 unapata variansi ya 14.7. Uwiano ni karibu 3, ilhali tulitarajia uwe karibu na 1.

Usikimbilie kuitupa kanuni. Miezi iliyopanda ni Machi, Aprili na Mei, yaani masika, barabara zinapoteleza na mashimo kufunikwa na maji. Kama masika huja na ongezeko hilohilo kila mwaka, basi kasi inabadilika kwa mpango unaojulikana, na mkondo bado ni wa Poisson. Jumlisha kasi za miezi yote 12, na `λ` ya mwaka inabaki 60. Alimradi ukubwa wa madai ya masika haupishani na wa miezi mingine, variansi ya mwaka inabaki 2,278.5. Kinachobadilika ni hesabu ya robo mwaka, ambayo lazima itumie kasi ya miezi yake.

Hali ni nyingine kabisa ikiwa hatujui mwaka ujao utakuwa wa mvua nyingi au chache, wa barabara mpya au foleni mpya. Hapo kasi yenyewe, ambayo sasa tunaiita `Λ`, inapata wastani na variansi yake, na kanuni inaongezewa kipande:

```
Var(S) = E[Λ] · E[X²] + Var(Λ) · E[X]²
```

Tuseme kasi ya mwaka ina wastani wa 60 na mkengeuko sanifu wa 12. Kipande cha pili ni 144 × 9 = 1,296, variansi inafika 3,574.5, na mkengeuko sanifu milioni 59.8. Kipande hiki kina tabia mbaya kuliko cha kwanza. Kundi likikua mara nne hadi magari 1,600, kanuni ya kwanza inasema mkengeuko sanifu utashuka kutoka asilimia 26.5 ya wastani hadi 13.3. Kwa kanuni hii ya pili, kasi ikiwa 240 na mkengeuko wake 48, variansi ni 9,114 + 20,736 = 29,850, na mkengeuko sanifu ni milioni 173, sawa na asilimia 24 ya wastani wa milioni 720. Haitashuka chini ya asilimia 20 hata kampuni ikiandikisha magari yote ya jiji, kwa sababu mwaka mbaya unawapata wateja wote pamoja. Ili kukitambua kipande hiki, linganisha jumla za mwaka kwa mwaka, au Aprili kwa Aprili. Kulinganisha mwezi na mwezi ndani ya mwaka mmoja hakutenganishi majira na mashaka.

Madai yanapokuja kwa mafungu

Limebaki sharti la kwanza, la madai kuja moja moja. Bonde la Msimbazi linajulikana kwa mafuriko, hasa pale Jangwani, na magari yaliyoegeshwa jirani na bonde yanaweza kuingiliwa na maji usiku mmoja. Tuseme magari 8 ya kundi letu yamepata hasara ya milioni 6 kila moja kwa mafuriko mamoja. Karani ataandika mistari minane yenye namba nane za madai, na kila mstari utakuwa sahihi. Lakini kilichotokea kwa kubahatisha ni kimoja, nayo ni mvua ile. Katika jumla ya miraba, mistari minane inachangia 8 × 36 = 288. Ikiandikwa kama tukio moja la milioni 48, inachangia 48 × 48 = 2,304, kiasi kinachozidi variansi yote ya mwaka tuliyoihesabu mwanzoni.

Kwa hiyo, kabla ya kuitumia `SUMSQ`, daftari lipangwe kwa tukio na si kwa namba ya dai. Safu za tarehe na mahali zinatosha kuyabaini mafungu mengi: madai ya siku moja, mtaa mmoja, chanzo kimoja, yajumlishwe kuwa mstari mmoja. Tuseme mafuriko ya aina hii huja mara moja kwa miaka minne, na kwamba kati ya madai 9 ya milioni 6 kwa mwaka, 2 kwa wastani yalikuwa yanatokana nayo. Mlango wa milioni 6 unabaki na madai 7, wenye variansi ya 252, na unafunguka mlango wa tano wa milioni 48 wenye kasi ya 0.25, wastani wa 12 na variansi ya 576. Wastani wa mwaka unabaki milioni 180 bila kupungua hata senti, ilhali variansi inapanda kutoka 2,278.5 hadi 2,782.5 na mkengeuko sanifu kutoka milioni 47.7 hadi 52.7, wakati fedha zilizolipwa ni zilezile na magari ni yaleyale.